Amri za kutengua, kulazimisha na kuzuia Tanzania Bara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na sheria zake, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asichukue muda na vifungu vya hapa kama vyake. Mfano ninaourudia ni wa mtumishi wa umma aliyefukuzwa kazi, kwa kuwa maombi mengi ya aina hii huanzia hapo.

Amri hizi tatu ni zipi?

Ni amri ambazo Mahakama Kuu hutoa dhidi ya mamlaka ya umma: waziri, halmashauri, bodi, tume, mkuu wa wilaya, au baraza lolote lililopewa na sheria uwezo wa kuamua haki za watu. Mawakili bado huziita kwa majina ya kale: sashiorari, mandamasi na prohibisheni.

Amri ya kutengua hufuta uamuzi ambao umekwisha kutolewa. Amri ya kulazimisha humtaka ofisa wa umma atimize wajibu ambao sheria imemwekea na yeye hajautimiza. Amri ya kuzuia husimamisha jambo ambalo mamlaka inakaribia kulifanya, au imeanza kulifanya, bila kuwa na uwezo wa kisheria. Ukiliweka kwa wakati, ya kwanza inatazama nyuma, ya pili inatazama kazi iliyolala, na ya tatu inatazama mbele. Shika hilo, maana wapo wanaokosea kuanzia hapo na hawapati tena nafasi ya kueleza malalamiko yao.

Zimeandikwa wapi kisheria?

Mahali ambapo mtu asingepatafuta: Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Ajali Zinazosababisha Vifo na Masharti Mengineyo), Sura ya 310, kifungu cha 17 hadi cha 19. Taratibu zake ziko katika kanuni za mwaka 2014, Tangazo la Serikali namba 324. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi hazina uwezo wa kutoa amri hizi. Ni Mahakama Kuu pekee, na maombi yakiwa dhidi ya Serikali, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aitwe kuwa sehemu ya shauri.

Hii si rufaa tu kwa jina jingine?

Hapana. Naomba jibu hili lisomwe polepole, maana majibu mengine yote yanaliegemea.

Katika rufaa unamwambia jaji kwamba waliotangulia wameamua vibaya, aupime ushahidi upya na aamue mwenyewe. Katika mapitio ya mahakama, ambayo ndiyo njia ya kuomba amri hizi, jaji hakai kwenye kiti cha mamlaka iliyoamua. Anauliza namna uamuzi ulivyofikiwa: aliyeamua alikuwa na uwezo huo? Alimsikiliza mhusika? Alifuata hatua ambazo sheria inazitaka? Kama majibu ni ndiyo, uamuzi utabaki hata kama jaji mwenyewe, kwa ushahidi uleule, angeamua kinyume.

Chukua mhasibu wa halmashauri aliyefukuzwa kwa upotevu wa fedha. Akisema, "Mimi sikuziiba, risiti hizi hapa," hiyo ni hoja ya rufaa. Akisema, "Kamati ilipokea taarifa ya mkaguzi ikaitumia kunitia hatiani, na mimi sikuonyeshwa taarifa hiyo wala kuulizwa kuihusu," hiyo ni hoja ya mapitio. Mtu ni yuleyule na kesi ni ileile, lakini hoja ya kwanza itakataliwa na ya pili itasikilizwa. Nimesoma hati za kiapo zenye kurasa nyingi za kukana wizi, na sentensi moja tu, tena katikati, inayogusa kutosikilizwa. Sentensi ile ndiyo iliyostahili kuwa shauri zima.

Uamuzi hutenguliwa kwa sababu zipi?

Mahakama ya Rufani ilizitaja katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1990, ukurasa wa 54, na hadi leo karibu kila jaji hurejea hapo. Aliyeamua alizingatia mambo ambayo hakupaswa kuyazingatia, au aliyaacha aliyopaswa kuyazingatia. Hakuwa na mamlaka, au aliyavuka. Uamuzi hauna mantiki kiasi kwamba hakuna chombo chenye busara ambacho kingeufikia. Kanuni za haki ya asili, kama ile ya kumsikiliza mhusika, zilikiukwa. Au utaratibu, au uamuzi wenyewe, ulikuwa kinyume cha sheria.

Sababu yenye nguvu kuliko zote mikononi mwa mtu wa kawaida ni kutosikilizwa. Katika shauri la kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts, lililochapishwa mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa kwa Tanzania haki ya kusikilizwa ni zaidi ya kanuni ya mapokeo. Ni haki ya msingi ya kikatiba, kwa ibara ya 13(6)(a). Hoja ya kukosa mantiki, kinyume chake, huvutia sana kuiandika lakini kuithibitisha ni kazi nzito. Usiifanye kuwa nguzo yako kama unayo nyingine.

Nimefukuzwa kazi ya umma leo. Naweza kwenda Mahakama Kuu moja kwa moja?

Ukienda, utakutana na pingamizi la awali, na kwa kawaida litakubaliwa.

Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, ina ngazi zake za rufaa. Mtumishi aliyeadhibiwa na mamlaka yake ya nidhamu, mathalani mkurugenzi wa halmashauri, hukata rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma. Asiporidhika na Tume, hukata rufaa kwa Rais. Tangu mwaka 2016 sheria hiyo ina kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi amalize kwanza njia zilizomo ndani yake kabla ya kukimbilia njia za sheria za kazi. Mahakama Kuu nayo, kwa kanuni yake ya siku nyingi, haipendi kuombwa amri hizi wakati mlango mwingine wenye nafuu ya kufaa uko wazi.

Kwa hiyo mhasibu wetu anaanzia kwenye Tume, kisha kwa Rais. Rais akiikataa rufaa, ngazi za ndani zimekwisha na mlango wa Mahakama Kuu unafunguka.

Kumaliza ngazi hizo kuna faida nyingine. Katika rufaa zake anaweza kulalamika kwamba taarifa ya mkaguzi ilifichwa. Kama Tume na ofisi ya Rais hawakulijibu hilo, sasa ana hoja ya pili: aliyeamua rufaa aliacha jambo alilopaswa kulizingatia. Kama hakulitaja kabisa huko nyuma, upande wa Serikali utauliza kwa nini linaibuka mbele ya jaji tu.

Njia mbadala haizuii kila wakati. Kama chombo cha rufaa hakipo kwa vitendo, au hakina uwezo wa kutoa nafuu unayoihitaji, au aliyeamua hakuwa na mamlaka kabisa, mahakama inaweza kukusikiliza. Lakini mzigo wa kueleza kwa nini mlango ule haukufaa ni wako, na uubebe ndani ya hati ya kiapo. Kuuacha hadi siku ya kusimama mbele ya jaji ni kuchelewa.

Sheria inasema uamuzi wa Rais au waziri ni "wa mwisho". Si ndiyo basi?

Hapana. "Wa mwisho" maana yake hakuna rufaa tena. Hakumaanishi kwamba uamuzi uliotolewa kinyume cha sheria hauwezi kupitiwa. Kwa kweli maneno hayo hukusaidia: yanaonyesha kuwa huna njia nyingine iliyobaki.

Muda ni kiasi gani, na unahesabiwa tangu lini?

Ni miezi 6, kwa ajili ya kuomba kibali, yaani ruhusa ya Mahakama Kuu ya kuomba amri yenyewe. Kanuni ya 6 ya kanuni za 2014 inahesabu tangu tarehe ya mwenendo, kitendo au kutotenda kunakolalamikiwa. Watu wengi huumia katika hesabu hiyo.

Tuseme rufaa ya mhasibu ilikataliwa tarehe 10 Januari 2023, barua ikaandikwa, ikapita kwa mwajiri, naye akaipokea tarehe 3 Machi. Anahesabu kutoka siku aliyoipokea na kujiona yuko salama hadi mwanzoni mwa Septemba. Anafungua maombi tarehe 21 Agosti. Wakili wa Serikali anafungua kanuni ya 6, anahesabu kutoka 10 Januari, anafika 10 Julai, na kusema maombi yamechelewa kwa siku 42. Hoja ya kutosikilizwa, nzuri kama ilivyo, haifikiwi.

Hesabu kutoka tarehe ya uamuzi. Barua ikichelewa kukufikia, tunza bahasha, muhuri wa posta, au nakala ya kitabu cha kupokelea barua chenye sahihi yako. Kama muda umekwisha, usifungue maombi ya kibali ukitumaini hakuna atakayeona. Omba kwanza kuongezewa muda, ukieleza sababu. Mahakama zetu zinadai kila siku ya kuchelewa ielezwe, hata ikiwa moja, na "nilikuwa nafuatilia ofisini" bila tarehe, barua wala jina la ofisi si maelezo.

Baadhi ya sheria zina muda wake mfupi zaidi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, kwa mfano, iliwapa wazabuni siku 14 kuomba mapitio ya uamuzi wa mamlaka ya rufaa za zabuni. Kabla ya kuitegemea miezi 6, soma sheria inayohusu jambo lako.

Kibali ni nini, na kwa nini nisiombe amri yenyewe moja kwa moja?

Kwa sababu bila kibali huna shauri. Maombi haya yana hatua mbili. Kwanza unaomba ruhusa ya kuomba, kwa maombi yanayoambatana na maelezo na hati ya kiapo. Maelezo yanataja wewe ni nani, nafuu unayotaka na sababu zake. Hati ya kiapo inabeba ukweli wa mambo na vielelezo.

Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya madai namba 79 ya 2012 iliyosikilizwa Arusha, ilieleza kinachotazamwa katika hatua hii. Kuna hoja inayostahili kusikilizwa? Umekuja ndani ya miezi 6? Una maslahi ya kutosha katika jambo hilo? Jaji hapaswi kuamua kwenye kibali kama uamuzi ulikuwa halali au la. Hilo ni la hatua ya pili. Ukikuta kibali kimekataliwa kwa sababu zinazoingia ndani ya shauri kuu, una hoja ya kwenda nayo Mahakama ya Rufani.

Yaandike maelezo yale kwa uangalifu kuliko karatasi nyingine yoyote. Katika hatua ya pili utabanwa na sababu na nafuu ulizozitaja humo. Na kama kuna jambo litakaloharibika wakati unasubiri, omba hapohapo kibali kiwe pia zuio la muda. Hakiwi zuio chenyewe; ni mpaka jaji aelekeze hivyo.

Nimepata kibali. Kisha?

Una siku 14 tangu siku kibali kilipotolewa kufungua maombi yenyewe. Kibali kikitolewa 4 Oktoba, siku ya mwisho ni 18 Oktoba. Usiusubiri uamuzi uliochapwa. Kalenda haikusubiri wewe. Katika maombi haya yote, hasara ninayoihuzunikia zaidi ni hii: mtu amevuka Tume, amevuka kwa Rais, amevuka kibali, halafu anafungua siku ya 16.

Niliomba amri ya kulazimisha dhidi ya mkurugenzi, ikakataliwa. Kwa nini?

Bila kuona jalada lako siwezi kutaja sababu, lakini kuna mahali pa kuitafuta. Mwaka 1986 Mahakama Kuu, katika shauri dhidi ya Mkuu wa Mkoa na Kamanda wa Polisi wa Mkoa huko Bukoba, iliweka masharti 5 ya amri hii ambayo bado yanatumika.

La kwanza huangusha wengi: lazima uwe umedai wajibu utimizwe, na ofisa awe amekataa. Kudai maana yake ni barua yenye tarehe, iliyopokelewa na kugongwa muhuri, inayosema unataka nini na kwa sheria gani. Kukataa kunaweza kuwa barua, au ukimya wa muda mrefu baada ya kukumbushwa. Kama uliingia ofisini mara kumi ukaambiwa "njoo wiki ijayo" na huna karatasi hata moja, mbele ya jaji hukuwahi kudai.

Sharti lingine ni kwamba wajibu uwe wa lazima, usiwe jambo ambalo sheria imeliacha kwa hiari ya ofisa. Tazama maneno ya kifungu. Kikisema mkurugenzi "atatoa" nakala ya mwenendo wa shauri la nidhamu, hapo kuna wajibu. Kikisema "anaweza" kukupandisha cheo, mahakama haitamwambia akupandishe. Inaweza kumwamuru aliangalie ombi lako na kuliamua, ikiwa amelikalia, lakini jibu litabaki kuwa lake. Ndiyo maana ombi la "mkurugenzi anipe leseni" hukataliwa pale ambapo "mkurugenzi aliamue ombi langu la leseni" lingepita.

Yaliyobaki ni mepesi kuyaeleza. Wajibu huo uwe unakuhusu wewe raia, usiwe deni la ofisa kwa dola peke yake. Uwe na maslahi ya kutosha. Na pasiwe na njia nyingine ya kufaa.

Halmashauri imekwisha kubomoa kibanda changu. Naweza kuomba amri ya kuzuia?

Kwa kilichobomolewa, hapana. Mahakama ya Rufani ya Kenya ililieleza hili vizuri mwaka 1997, katika shauri la Baraza la Mitihani la Kenya lililohusu kufutwa kwa matokeo ya watahiniwa: amri ya kuzuia hutazama mbele, haina meno juu ya uamuzi uliokwisha kutolewa, na uamuzi wa namna hiyo hufutwa kwa amri ya kutengua peke yake. Majaji wa Tanzania hawafungwi na uamuzi huo, ila mantiki yake ndiyo inayofuatwa huku pia.

Ukiwa na notisi ya siku 7 mkononi na tingatinga halijafika, kuzuia kunafaa, pamoja na kutengua notisi yenyewe. Vitu vikishavunjwa, unachohitaji pengine ni fidia, na fidia hudaiwa kwa kesi ya kawaida ya madai, ambayo dhidi ya Serikali hutanguliwa na notisi ya siku 90. Amri hizi tatu hazilipi mtu fedha.

Mwajiri wangu ni kampuni binafsi, lakini walinifukuza bila kunisikiliza. Inawezekana?

Si kwa njia hii. Amri hizi ni za sheria za umma. Mgogoro wa mkataba wa ajira na kampuni huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hata taasisi ya umma inapovunja mkataba wa kawaida, mathalani wa pango au wa kuuza samani, inatenda kama mfanyabiashara mwingine, na dawa yake ni kesi ya madai.

Jaji akikubali kwamba sheria ilivunjwa, lazima anipe amri?

Hapana, na hili huwauma watu kuliko yote. Amri hizi ni za hiari ya mahakama. Jaji anaweza kuona kosa na bado akakataa, ilimradi atoe sababu za kisheria.

Anaweza kukataa kwa kuwa amri haitakuwa na kazi: uchaguzi wa kijiji ulioombewa kutenguliwa umekwisha kupitwa na uchaguzi mwingine. Anaweza kukataa kwa mwenendo wa mwombaji. Mhasibu wetu akificha kwamba alialikwa kwenye kikao cha pili na akakataa kuhudhuria, halafu barua ya mwaliko ikatolewa na upande wa pili, ameharibu hata hoja yake ya kweli kuhusu taarifa ya mkaguzi. Kwa hiyo weka kila barua mezani, hata ile isiyokupendeza, na uieleze wewe mwenyewe kwanza. Anaweza pia kukataa pale ambapo watu wengine wamekwisha kujenga maisha yao juu ya uamuzi ule na mwombaji alinyamaza akiwatazama, hata kama miezi 6 haijafika.

Naiona hiari hii kuwa ya haki inapotumika kwa mwombaji mdanganyifu au aliyelala. Naiona ni ya hatari inapotumiwa kusema kwamba "hata angesikilizwa, matokeo yangekuwa yaleyale." Aliyenyimwa nafasi ya kujitetea hawezi kulaumiwa kwa utetezi ambao hakuna aliyeusikia. Ukikutana na hoja hiyo, mjibu wakili wa Serikali kwa kuonyesha hasa ungesema nini: ukurasa gani wa taarifa ya mkaguzi ungeupinga, na kwa risiti ipi. Hapo zile risiti, ambazo hazikuwa hoja ya mapitio, zinapata kazi.

Nikishinda, narudi kazini kesho yake?

Uamuzi wa kukufukuza ukitenguliwa, unakuwa kama haukutolewa. Lakini mahakama ikiona kosa lilikuwa kutosikilizwa, mara nyingi hurudisha jambo kwa mamlaka ya nidhamu lisikilizwe upya kwa kufuata utaratibu. Mwajiri anaweza kukuandikia hati ya mashtaka tena wiki ijayo, safari hii akiambatanisha taarifa ya mkaguzi. Kama unataka mishahara ya kipindi ulichokuwa nje, peleka madai kwa barua mara tu amri inapotolewa, ukitaja namba ya shauri na tarehe ya amri, na upate muhuri wa kupokelewa. Mwajiri akikaa kimya, barua hiyo ndiyo kielelezo chako cha kwanza katika maombi ya amri ya kulazimisha.